Kabla Hujaweka Kitabasamu: Vidokezo 9 vya Barua Pepe ya Kazini

Ukimwambia mwenzako ana kwa ana, "Leo umewahi kweli," uso na sauti yako vitamjulisha kama unamsifu au unamsuta. Kwenye barua pepe maneno ni yaleyale, ila sauti haipo. Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani, Justin Kruger na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwapa watu sentensi za kuwafikishia wenzao, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kisha wakawauliza waliozituma: mnadhani zitaeleweka kwa kiasi gani? Watumaji walitarajia wenzao wapatie kwa asilimia 78. Waliozisikia kwa sauti walikaribia kiwango hicho. Waliozisoma kwenye barua pepe walipatia asilimia 56, na mtu anayebahatisha tu angepata 50.

Alama ya mshangao, emoji na utani ni njia zetu za kurudisha ile sauti iliyopotea. Zipo barua zinazonoga kwa sababu ya hizo. Zipo nyingine, hasa zenye pesa, tarehe na lawama ndani yake, ambazo alama hizohizo zinazifanya zionekane nyepesi mbele ya mtu uliyetaka akuchukulie kwa uzito.

1. Angalia nani anabebeshwa mzigo

Kabla hujaweka alama yoyote ya hisia, jiulize: akimaliza kusoma, huyu mtu atakuwa amepata kitu au atatakiwa kutoa kitu?

Kama anapata, kwa mfano likizo yake imekubaliwa, malipo yake yametoka, au kazi yake imesifiwa na wakubwa, furahi naye. Alama moja ya mshangao hapo inafaa, na hata kitabasamu kinafaa kama mnafahamiana. Kama anatakiwa kulipa, kusubiri, kurudia kazi au kukusamehe, ziondoe zote. Mtu aliyebebeshwa mzigo huisoma barua akitafuta jambo moja: je, huyu anajua uzito wa anachoniambia? "Mzigo wenu utachelewa wiki mbili 😅" ni sentensi ambayo mwandishi aliiweka ile sura ya jasho ili kuonyesha aibu. Mteja ambaye tayari amewaahidi wateja wake mwenyewe anaona mtu anacheka.

Karibu vidokezo vyote vinavyofuata vinatokana na swali hili.

2. Barua ya kwanza iende bila emoji

Watafiti Ella Glikson, Arik Cheshin na Gerben van Kleef walilichunguza hili kwa kutumia mamia ya washiriki kutoka nchi 29, na matokeo yao yalichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2018. Washiriki walisoma barua za kikazi kutoka kwa watu wasiowajua, nyingine zikiwa na vitabasamu na nyingine hazina. Kitabasamu hakikumfanya mwandishi aonekane mkarimu zaidi. Kilimfanya aonekane hana uwezo mkubwa wa kazi. Tena washiriki walipotakiwa kujibu, waliopata barua yenye kitabasamu walitoa maelezo machache kuliko waliopata barua isiyo nacho. Katika barua zisizo rasmi hasara hiyo ilipungua.

Jambo la maelezo machache ndilo la kulikumbuka zaidi, kwa sababu mara nyingi barua ya kwanza huandikwa ili kupata maelezo: bei, utaratibu, jina la mhusika.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna bahati, kwa kuwa salamu yetu inafanya kazi ambayo wengine wanakiachia kitabasamu. Andika jina la mtu kwa usahihi, taja aliyekuelekeza kwake, kisha omba jambo moja linaloeleweka: "Habari za kazi, Bwana Mushi. Nimeelekezwa kwako na Bi. Neema wa idara ya ugavi. Naomba bei ya viti 40 vya ukumbi wa mikutano, pamoja na gharama ya kuvisafirisha hadi Morogoro." Bwana Mushi ameheshimiwa, na anajua la kujibu.

3. Mshangao mmoja, kwenye habari njema

"Hongera kwa kupandishwa cheo!" "Karibu sana kwenye timu!" "Asante, umetuokoa!" Alama hapo iko nyumbani, na ukiiondoa, sentensi inapoa. Ukiweka tatu, au ukiimwaga kwenye kila sentensi, ile moja iliyobeba furaha ya kweli haionekani tena.

Pasipofaa kabisa ni kwenye agizo. "Tuma ripoti leo!" inasomeka kama kufokewa, na kuongeza "tafadhali" mwanzoni hakusaidii, sasa inasomeka kama malalamiko ya mtu aliyechoka. "Naomba unitumie ripoti kabla ya saa kumi jioni leo" inadai kitu kilekile na haimuumizi mtu.

Kwenye mada ya barua, "HARAKA!!!" haimwambii mpokeaji haraka ya nini wala mpaka lini. "Saini yako inahitajika kabla ya Ijumaa saa sita mchana" inamwambia yote mawili. Isitoshe, vichujio vya barua taka huitazama mada kwa makini. Programu ya SpamAssassin, kwa mfano, ina kanuni inayohesabia vibaya mada iliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa hiyo kelele hizo zinaweza kuchangia barua yako kuishia mahali ambapo hakuna anayeisoma.

Msomaji naye anatakiwa kuwa mwadilifu. Carol Waseleski alipochunguza matumizi ya alama hii mwaka 2006, aliona kwamba wanawake waliitumia zaidi kuliko wanaume, na kwamba mara nyingi ilikuwa ishara ya urafiki. Mihemko ilikuwa sehemu ndogo tu. Ukipokea barua yenye mishangao miwili kutoka kwa mhasibu wako, usianze kutilia shaka hesabu zake. Soma hesabu.

4. Unapodai pesa, acha namba ziongee

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu kudai kunatia haya, na haya inatafuta pa kujificha. Tuchukue mfano. Kampuni ndogo ya uchapaji ilitengeneza mabango na vipeperushi vya hafla ya mteja. Ankara ya shilingi 1,850,000 ilitolewa tarehe 31 Machi, kwa makubaliano ya kulipwa ndani ya siku 30. Leo ni Jumatatu, tarehe 18 Mei, na pesa hazijaingia. Mwenye kampuni anaandika:

*"Mambo Kaka Juma!! Natumaini mko poa 😊 Nilikuwa nakumbusha tu kidogo kuhusu ile ankara yetu, najua mna mambo mengi haha 🙈 Mkipata nafasi mtusogezee chochote! Asanteni sana!!! 🙏🙏"*

Nia yake ni njema: hataki kumuudhi mteja. Lakini tazama kila kipande kinafanya nini. "Tu kidogo" inamwambia Juma kwamba jambo lenyewe ni dogo. "Haha" inamwambia kuchelewa kwake kunachekesha. Uso uliofichwa kwa mikono unaonyesha mdai ndiye anayeona aibu, wakati mwenye deni ni mwingine. "Chochote" inafungua mlango wa kulipwa laki mbili na kusubiri tena. Mikono miwili iliyokunjwa inageuza haki yake kuwa ombi la msaada. Na katikati ya mapambo yote hayo, barua haina namba ya ankara, haina kiasi, haina tarehe.

Halafu kuna mtu wa tatu ambaye mwandishi hakumfikiria. Juma mwenyewe halipi. Ataisukuma barua hii kwa mhasibu. Mhasibu hajui urafiki wenu. Anaona barua ya mzaha isiyo na namba ya ankara, na anaiweka chini ya zile zenye namba.

Sasa iandikwe upya:

*Mada: Ankara Na. 0147, shilingi 1,850,000, ilitakiwa kulipwa 30 Aprili*

*"Habari za kazi, Kaka Juma. Asante kwa kutupa kazi ya mabango na vipeperushi, na nimefurahi kusikia hafla ilikwenda vizuri.*

*Ankara Na. 0147 ya shilingi 1,850,000 ilitakiwa kulipwa tarehe 30 Aprili, na hadi leo tarehe 18 Mei malipo hayajaingia benki. Nimeambatanisha nakala ya ankara na hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa na ofisi yenu.*

*Naomba unijulishe kabla ya Ijumaa, tarehe 22 Mei, malipo yatatoka siku gani. Kama kuna kinachoyakwamisha, nipigie tukimalize siku hiyohiyo."*

Ukarimu haujatoka, umekaa kwenye sentensi ya kwanza, unataja kazi waliyofanya pamoja, na "Kaka" bado ipo. Kilichotoka ni aibu. Mhasibu akipokea barua hii hahitaji kumuuliza mtu chochote.

Utajuaje kama barua yako ya kudai imesomwa kama soga? Angalia jibu. Likija "haha usijali boss, tuko pamoja" bila tarehe, basi uliandika soga na umejibiwa soga. Barua ya pili usipandishe sauti kwa kuongeza mishangao, punguza maneno. Taja namba, kiasi, idadi ya siku zilizopita, na tarehe unayosubiri jibu.

Alama yako haijapotea. Siku pesa zikiingia, andika: "Malipo yameingia leo asubuhi, asante sana, Kaka Juma! Stakabadhi imeambatanishwa." Siku hiyo msomaji ndiye anayepokea kitu, na mshangao unamfikia kama ulivyokusudiwa.

5. Utani unahitaji watani

Watanzania tunaujua utani kama mila yenye mipaka yake. Mnyamwezi anaweza kumtania Mzaramo kwa maneno makali, hata msibani, na mtu asikasirike, kwa sababu uhusiano huo wanaujua wote waliopo. Barua pepe inaondoa hiyo "waliopo". Unamtania mtani wako, lakini nakala imekwenda kwa bosi wake, kesho inasukumwa kwa mteja, na baada ya miaka miwili inafunguliwa na mkaguzi wa hesabu.

Kwa hiyo soma majina yote ya wapokeaji, wakiwemo wa nakala, kabla ya kuandika mzaha. Ukikuta hata mmoja ambaye usingemtania uso kwa uso, uache. "Naona idara ya fedha bado mmelala 😂" inaweza kuchekesha kati ya marafiki wawili. Mkurugenzi akiwa kwenye nakala, hayo ni mashtaka, na kile kicheko mwishoni kinaongeza dharau.

Utani unaosaidia huwa unacheka na hali, na mtu hayumo. Afisa utawala aliyeandika "Printa ya ghorofa ya tatu imepona na imeruhusiwa kutoka hospitalini, tafadhali toeni pini kwenye karatasi kabla ya kuipa kazi" amefikisha agizo lake, na watu watalikumbuka. Hakuna aliyeumia, na agizo linaeleweka hata kwa asiyecheka. Hicho ndicho kipimo: futa mzaha, kisha uone kama ujumbe bado umekamilika.

Bradford Bitterly na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, waliona kwamba mzaha uliofaulu humfanya msemaji aonekane anajiamini na ana uwezo, na hadhi yake hupanda. Mzaha usiofaa humwacha akionekana jasiri lakini asiye na uwezo, na hadhi hushuka. Kwa mtu mpya ofisini hiyo ni bei kubwa kwa sentensi moja, kwa hiyo miezi ya mwanzo wachekee wengine kwanza.

Wala usitegemee emoji iuokoe mzaha usioeleweka. Kitabasamu chenyewe kilizaliwa kutokana na tatizo hili. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alipendekeza wenzake waweke :-) kwenye mizaha na :-( kwenye mambo yasiyo ya mzaha, baada ya utani kuhusu zebaki kwenye lifti ya chuo kudhaniwa na baadhi ya watu kuwa onyo la kweli. Pendekezo lake lilikuwa zuri kwa watu wa chuo kimoja waliokubaliana maana. Kwenye barua inayokwenda nje ya ofisi yako, makubaliano hayo hayapo. Kama mzaha hauwezi kusimama bila 😂, uondoe wote wawili.

6. Kidole gumba kinaweza kuwa saini

Machi 2021, mnunuzi wa nafaka katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 86 za kitani kwa ujumbe wa simu, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Novemba ilipofika mzigo haukuletwa, na bei sokoni ilikuwa imepanda sana. Mkulima alijitetea kwamba kidole kile kilimaanisha tu "nimeupata ujumbe". Mwaka 2023 mahakama ilisema kidole kilikuwa idhini ya mkataba, ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Rufaa yake ilikataliwa Desemba 2024.

Jaji hakukitazama kidole peke yake. Aliangalia jinsi wawili hao walivyozoeana: mikataba ya nyuma mkulima aliijibu kwa neno moja kama "sawa", kisha akaleta mzigo. Sheria ya Kanada si ya kwetu, lakini onyo lake linasafiri, maana hata sisi tumewazoesha watu wetu majibu ya aina hiyo.

Ukipokea bei, mkataba au rasimu, jibu kwa sentensi inayosema hasa unachokubali. "Nimeipokea, nitaisoma na kukujibu Jumatano" ni jambo moja. "Tumeikubali bei ya shilingi 640,000, endeleeni" ni jambo jingine. Kidole gumba kiache kwa "mkutano ni saa nne" na mengine yasiyo na gharama.

7. Mwache mkubwa aanze

Kwa aliyekuzidi cheo au umri, au mteja mpya, subiri aoneshe mtindo wake. Akikuandikia "Asante sana! 😊", ukijibu kwa kitabasamu kimoja hujakosea. Akiandika kwa ukavu, jibu kwa ukavu wa heshima. Usimzidi.

Kwa aliye bosi, kazi ni kinyume chake. Jibu lako la "Sawa." lenye nukta, likimfikia mfanyakazi usiku wa Jumapili, linaweza kumkosesha usingizi akijiuliza amekosa nini. Maneno machache zaidi yanatosha: "Sawa, nimeisoma, iko vizuri. Tutaongea kesho." Kristin Byron aliandika mwaka 2008 kwamba wapokeaji wa barua pepe huelekea kuona barua ya furaha kuwa ya kawaida, na ya kawaida kuwa ya ukali. Mwenye mamlaka ndiye anayeathiri zaidi kwa njia hii, na mshangao mmoja kwenye "Kazi nzuri!" kutoka kwake unafika mbali.

8. Pole iandikwe kwa maneno

Msiba, ugonjwa, kuachishwa kazi, ombi lililokataliwa: hakuna emoji, hata ile ya machozi. Kwenye simu uso unaolia 😭 huweza kudhaniwa kuwa ule unaolia kwa kucheka 😂 ukionekana mdogo. "Pole sana kwa msiba wa mama. Kazi ya ripoti nimeichukua mimi, usiiwaze mpaka utakaporudi" inafariji, na inamtua mzigo mmoja.

Ukikataa ombi la mtu, kataa kwenye sentensi ya kwanza au ya pili, toa sababu, na usimalizie kwa "Uwe na siku njema!" Hiyo "siku njema" yenye mshangao, chini ya habari mbaya, inauma.

9. Ile herufi J

Huenda umewahi kupokea barua inayomalizika kwa "Asante sana J" ukadhani ni herufi ya kwanza ya jina la mtu. Programu ya Outlook kwa muda mrefu ilikuwa ikigeuza :) kuwa sura ya tabasamu kwa kutumia herufi J ya fonti iitwayo Wingdings. Mpokeaji ambaye programu yake haikuisoma fonti hiyo aliona J tupu. Ukiandika :) na ikageuka, bonyeza `Ctrl+Z` palepale, itarudi kuwa alama za kawaida ambazo kila mtu anaziona.

Emoji zenyewe nazo hazifanani kila mahali. Kila kampuni inachora za kwake. Sura ya 😁, kwa mfano, kwenye simu za Apple kabla ya mwaka 2016 ilionekana kama mtu aliyekaza meno kwa uchungu, wakati kwenye simu nyingine ilikuwa furaha tupu. Ukilazimika kutumia emoji na mtu wa nje, chagua zile rahisi, 🙂 au 🎉, ziwe mwisho wa sentensi, na sentensi iwe imeshasema kila kitu kabla macho hayajazifikia.